Wanga Mchana, Mboga Usiku: Sahani ya Mwanamke Mwenye PCOS

Vifuko vidogo vinavyoonekana kwenye ultrasaundi ya mwanamke mwenye PCOS si uvimbe, wala si maji yanayongoja kutolewa kwa upasuaji. Ni nyumba za mayai yaliyoanza kukua yakakwama njiani. Katika mwezi wa kawaida ovari huanza kukuza mayai kadhaa, moja likapevuka na kutoka, mengine yakanyauka. Kwenye hali hii mengi huanza na halifiki hata moja, na hedhi nayo hukawia: miezi miwili, mitatu, wakati mwingine nusu mwaka. Huku nyuma ndevu huchipua kidevuni, chunusi hazikomi, na nywele za utosini hupungua. Madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliiandika hali hii mwaka 1935, na kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani inamgusa takriban mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa. Wengi wao hawajaambiwa wanayo.

Kwa wanawake wengi wenye hali hii, ingawa si wote, insulini ina mkono wake katika kukwama huko. Wanga ukishaliwa huvunjwa kuwa glukosi, glukosi ikaingia kwenye damu, na insulini inayotoka kwenye kongosho ndiyo inayoufungulia mwili mlango wa kuipokea. Misuli ikiwa migumu kuisikia insulini, kongosho hutoa nyingi zaidi ili kazi ile ile ifanyike. Ndiyo maana sukari inaweza kusoma sawa kwa miaka mingi ilhali mambo ndani hayako sawa. Ovari kwa upande wake haina ugumu huo. Yenyewe huisikia insulini vizuri, na ikimiminiwa nyingi hutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Ini nalo hupunguza ile protini inayoifunga testosteroni kwenye damu, hivyo testosteroni inayozunguka huru huongezeka. Hiyo iliyo huru ndiyo inayootesha ndevu na kulizuia yai lisipevuke.

Kutokana na hapo lengo la chakula huwa wazi: kila mlo uitake insulini kidogo kuliko ulivyokuwa ukiitaka jana. Kupungua uzito ni jambo jingine. Kwa mwenye uzito mkubwa, kupunguza hata sehemu moja ya ishirini ya uzito huweza kuirudisha hedhi, lakini wapo wanawake wembamba wenye PCOS na insulini iliyojaa, na kuwaambia wakonde ni kuwapotezea muda.

Dalili moja ya insulini nyingi huonekana kwa macho. Ngozi ya nyuma ya shingo, na wakati mwingine ya kwapani, huwa nyeusi na nene kidogo, ukiigusa ni kama mahameli. Wengi huisugua kwa dodoki na limao wakidhani ni uchafu, na haitoki kwa sababu si uchafu. Kipimo cha maabara kinachofaa zaidi ni kile cha kunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha damu ikapimwa baada ya saa mbili. Chini ya 7.8 ni sawa, kuanzia 7.8 hadi 11.0 ni hali ya kuelekea kisukari, na 11.1 au zaidi huhesabiwa kisukari, ingawa daktari huthibitisha kabla ya kutoa jina hilo. Sukari ya asubuhi kabla ya kula peke yake huwapita wengi, kwa kuwa kongosho likipumzika usiku kucha huamka na hesabu nzuri.

Chukua mfano wa mwanamke wa miaka 29, mshonaji anayekaa Mbagala na kufanya kazi Kariakoo. Ni mfano uliotungwa, ila kula kwake ni kwa maelfu ya watu wa mjini. Ana kilo 78 na urefu wa sentimita 160. Mwaka uliopita aliona hedhi mara nne. Sukari yake kabla ya kula ilisoma 5.5, na saa mbili baada ya kunywa glukosi ikasoma 8.9.

Saa 1 asubuhi hunywa chai ya maziwa vikombe viwili, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, na maandazi mawili. Saa 4 hushushia soda ya chupa ya mililita 350. Saa 8 mchana mama lishe humletea sahani ya wali uliojaa, mchuzi wa maharage juu, na mchicha kijiko kimoja pembeni. Hurudi nyumbani jioni na foleni, akapika, na saa 3 usiku familia hukaa kwenye ugali. Huo ndio mlo wake mkubwa kuliko yote, kisha hulala.

Sukari ya kunywa ndiyo ya kwanza kuhesabiwa, kwa kuwa haishibishi na huingia kwenye damu haraka kuliko kitu chochote sahanini. Soda ile ina gramu zipatazo 37 za sukari, sawa na vijiko tisa vya chai. Chai ina sita. Jumla ni vijiko 15, gramu 60 hivi, kabla ya saa 5 asubuhi. Shirika la Afya Duniani linaona ni vizuri zaidi sukari ya kuongeza isizidi gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita. Juisi ya miwa haimwokoi, wala ya embe, hata kama imekamuliwa mbele yake bila sukari ya kuongeza: embe likiliwa kwa meno huja na nyuzinyuzi zake na humchukua mtu muda, bali glasi ya juisi ni maembe mawili au matatu yanayomezwa kwa pumzi moja. Asali nayo mwilini ni sukari, hata ikiitwa dawa. Mshonaji huyu akiacha soda na kushusha chai hadi kijiko kimoja kwa kikombe, amekwisha toka vijiko 15 hadi viwili bila kugusa ugali. Asiyeweza kuruka ghafla hupunguza nusu kijiko kila wiki, na tangawizi au hiliki huisaidia chai isionekane imepooza.

Baada ya vinywaji huja wanga wenyewe, na hapa watu wengi hukosea kwa kuuacha wote. Siku kumi za kwanza huenda vizuri. Wiki ya tatu, aliyelelewa na ugali hushikwa na njaa isiyo na jina, na usiku mmoja akala sufuria. Ugali, wali, ndizi, mihogo na chapati vinaweza kubaki. Kinachobadilika ni kiasi kwa mkao mmoja, kinacholiwa pamoja navyo, na saa.

Kiasi cha kuanzia ni ugali wa ukubwa wa ngumi ya mlaji mwenyewe, au kikombe kimoja cha chai cha wali uliopikwa, chenye gramu 45 hivi za wanga. Sahani ya mama lishe hubeba vikombe vitatu bila kuonekana. Dona ni bora kuliko sembe kwa nyuzinyuzi na madini yaliyobaki kwenye ganda na kiini, ila isitukuzwe mno: mahindi yaliyosagwa unga laini humeng'enywa haraka yawe yamekobolewa au la, na ngumi mbili za dona hupandisha sukari kuliko ngumi moja ya sembe. Uji ni hivyo hivyo. Uji wa lishe wenye nafaka saba na karanga una faida zake kwa mtoto anayekua, lakini ukinywewa kikombe kikubwa chenye sukari hupita tumboni karibu kama kinywaji. Nafaka nzima isiyosagwa, kama makande ya mahindi na maharage, huenda taratibu zaidi. Ndizi mbichi za kupika nazo ni afadhali kuliko zilizoiva, kwa sababu sehemu ya wanga wake haimeng'enywi kwa urahisi.

Wanga usile peke yake. Protini, mafuta kiasi na nyuzinyuzi huchelewesha chakula kutoka tumboni, hivyo glukosi huingia kwenye damu kidogo kidogo badala ya kumwagika. Kwa mwenye kipato cha kawaida, rafiki mkubwa wa mpango huu ni jamii ya kunde: maharage, choroko, kunde, mbaazi, dengu. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu zipatazo 15 za protini na nyuzinyuzi zinazozidi gramu kumi, na wanga wake wenyewe huachiliwa polepole. Dagaa wakavu, mayai, samaki, kuku na mtindi usiotiwa sukari hufuata. Mboga za majani ndizo za kujaza nafasi iliyoachwa na wanga. Mchicha, matembele, kisamvu, bamia, kabichi na nyanya chungu haziwekwi pembeni kwa kijiko: nusu ya sahani ni zao, robo ni ya protini, robo ya wanga.

Kwa mama lishe hilo huagizwa kwa maneno machache: wali nusu, maharage mawili, mchicha mwingi. Anayeagiza hivyo siku ya kwanza huangaliwa, siku ya nne sahani huja yenyewe. Akianza kula mboga na maharage, wali akaumaliza mwishoni, sukari hupanda kidogo kuliko akianza na wali. Tafiti ndogo kwa wenye kisukari cha aina ya pili zimeonyesha tofauti hiyo kwa chakula kile kile na kiasi kile kile, na haigharimu kitu ila subira ya dakika kumi.

Saa ya kula ndiyo sehemu inayosahauliwa kabisa. Mwili wa binadamu huisikia insulini vizuri zaidi asubuhi na mchana kuliko usiku, hivyo ugali wa saa 3 usiku huitaka insulini nyingi kuliko ugali huo huo saa 7 mchana. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013 uliwagawa wanawake 60 wembamba wenye PCOS makundi mawili. Wote walikula chakula chenye nguvu sawa, kalori 1,800 hivi kwa siku. Kundi moja lilikula zaidi ya nusu yake asubuhi na kidogo sana usiku, jingine likafanya kinyume. Baada ya siku 90, walioshiba asubuhi walikuwa na insulini pungufu na testosteroni huru iliyoshuka kwa karibu nusu, na wengi zaidi walipevusha mayai. Wa usiku hawakubadilika. Ni utafiti mmoja wa watu wachache, na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unasema hakuna mpango mmoja wa kula uliothibitika kuishinda mingine yote. Lakini kuhamisha wanga kutoka usiku kwenda mchana hakuna gharama wala madhara, na kwa walaji wa mjini, ambao huishi na chai mchana kutwa na kushiba usiku, pengine ndiko kuna la kurekebisha kuliko kwingine kote.

Siku ya mshonaji basi inageuka hivi. Usiku anachemsha maharage ya siku mbili. Saa 1 asubuhi anakula mayai mawili ya kuchemsha, kiazi kitamu cha ukubwa wa ngumi, nusu parachichi, na chai ya kijiko kimoja. Asiye na nafasi ya kupika ananunua supu ya samaki au ya ng'ombe na chapati moja, au chapati na maharage ya jana. Chakula hicho cha mafundi, ambacho wengine hukidharau, kinamfaa kuliko maandazi yanayoonekana mepesi. Saa 8 mchana ni sahani ya mama lishe iliyopangwa upya. Saa 11 jioni, kabla ya foleni, anakula kiganja kimoja cha karanga na chungwa zima, kwa sababu anayefika nyumbani na njaa ya simba hapimi ngumi. Saa 1 na nusu au saa 2 usiku familia inakula ugali wake kama kawaida, naye anapakua mboga na dagaa kwanza, ugali nusu ngumi mwishoni. Sufuria ni lile lile. Mpango unaomtaka mwanamke ajipikie chakula chake peke yake pembeni ya familia haumalizi mwezi.

Akishakula mlo mkubwa wa siku, hutembea dakika 10 hadi 15. Misuli inayofanya kazi huchukua glukosi bila kungoja insulini nyingi, na kwa mshonaji anayekaa kwenye cherehani kutwa, mzunguko mmoja wa mtaa baada ya mlo wa mchana una maana kuliko unavyoonekana.

Kwa Waislamu, Ramadhani huugeuza mpango huu juu chini, kwa kuwa chakula chote kinakuwa cha usiku. Futari ya pwani inaweza kuweka mezani mihogo ya nazi, viazi, magimbi, kaimati na uji kwa pamoja, wanga tano kwenye mkao mmoja. Tende moja au mbili na maji hutosha kufungulia, kisha supu au maharage, kisha aina moja tu kati ya mihogo, viazi na magimbi. Daku huchukua nafasi ya kifungua kinywa, kwa mayai, maharage au samaki, si chai na mkate. Anayetumia dawa za sukari humwona daktari kabla ya mwezi kuandama ili saa za dawa zipangwe.

Kama mpango unafanya kazi, huonekana kwa vitu vitatu. Cha kwanza ni mashine ndogo ya kupimia sukari. Si lazima inunuliwe; ya kuazima kwa wiki mbili inatosha. Damu hupimwa kabla ya mlo na tena saa mbili tangu tonge la kwanza. Tuseme sahani ya zamani ya wali ilimtoa mshonaji kwenye 5.6 hadi 9.2, na sahani mpya ikamfikisha 7.3. Tofauti kama hiyo ina maana. Tofauti ya 7.3 na 7.6 haina maana, kwa kuwa mashine hizi huweza kupotoka kwa asilimia 15. Mikono huoshwa kwa maji na sabuni kwanza: aliyetoka kumenya embe akachoma kidole hupata sukari ya embe, si ya damu. Cha pili ni utepe, ambao mshonaji anao shingoni kutwa. Kiuno kinaweza kupungua sentimita tatu au nne wakati mizani haijasogea. Cha tatu ni kalenda ya hedhi, nayo huchelewa kuliko vyote. Yai huchukua miezi kadhaa kukua, hivyo kuuhukumu mpango kabla ya miezi mitatu ni kuuonea. Ndevu huchelewa zaidi, miezi sita au zaidi, na zilizokwisha komaa haziondoki kwa chakula.

Mambo yakikwama, sababu huwa ni chache na zinajulikana. Sukari hurudi kwa mlango wa nyuma, kwenye mtindi wa ladha, maziwa ya pakiti yenye sukari au mkate ulioitwa wa ngano nzima kwa rangi tu. Wengine hubadili wali kwa chipsi mayai wakidhani yai limetosha kuwa protini, kumbe nusu sahani ni viazi vilivyozama mafutani. Wengine hufuata unga wa mdalasini na mizizi inayouzwa kwa ahadi ya kuyeyusha vifuko. Hakuna cha kuyeyusha, kwa kuwa vifuko vile ni mayai. Na wapo ambao insulini kwao si kisa kikubwa. Kwa hao chakula hiki hakitadhuru, ila hedhi isipobadilika baada ya miezi sita si kosa la mpishi.

Chakula hakichukui nafasi ya tiba. Aliyepewa metformini huendelea nayo, akiimeza pamoja na chakula ili tumbo lisichafuke. Ikitumiwa kwa miaka huweza kupunguza vitamini B12, ambayo dagaa, mayai na maini huirudisha kwa kiasi, na daktari huipima. Mwenye kukaa zaidi ya miezi mitatu bila hedhi na bila mimba humwona daktari hata kama anajisikia mzima, kwa kuwa utando wa ndani wa mfuko wa uzazi unaoendelea kunenepa bila kutoka huongeza hatari ya saratani. Kipimo cha glukosi nacho hurudiwa kila mwaka mmoja hadi mitatu.

Jambo la mwisho huwakuta wengi bila kutazamia. Yai hutoka wiki mbili hivi kabla ya hedhi kuonekana, hivyo mwanamke aliyezoea kudhani hazai anaweza kushika mimba kabla hajaiona hata hedhi moja ya kumwonyesha kwamba mwili umebadilika. Asiyetaka mtoto kwa sasa huanza uzazi wa mpango siku anapoanza mpango wa kula, bila kungoja hedhi irudi.